Kani Inapohamishwa: Jozi ya Louis Poinsot

Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, vitabu vya statiki vilikuwa na kona moja ambayo waandishi waliipita haraka. Kuhusu kani mbili sambamba zinazoelekea upande mmoja, walikuwa na jibu tangu zama za Arkimedi: zijumlishe, kisha iweke jumla kwenye nukta iliyo kati yake, karibu zaidi na ile kubwa. Kani mbili sambamba zinazoelekea pande tofauti nazo zilikuwa na kanuni yake. Unatoa ndogo katika kubwa, na kani inayobaki unaiweka nje kabisa ya zote mbili, ng'ambo ya ile kubwa. Kanuni hiyo ilifanya kazi vizuri mpaka kani hizo zilipolingana.

Tuifuate kwa hesabu, maana hapo ndipo historia yote hii inapoanzia. Kani ya nyutoni 10 inavuta juu, na mita moja pembeni yake nyingine ya nyutoni 9 inavuta chini. Tofauti ni nyutoni 1, na kanuni inaiweka mita 9 kutoka ile kubwa. Iongeze ile ndogo ifike 9.9. Sasa inabaki sehemu ya kumi ya nyutoni, nayo imekimbilia mita 99. Ifikishe 9.99, na kinachobaki ni sehemu ya mia ya nyutoni iliyo umbali wa mita 999, karibu kilometa nzima kutoka kwenye kitu chenyewe. Kani zikilingana kabisa, kanuni inadai kwamba jumla yake ni sifuri na mahali pake ni mbali kusikofikika. Lakini kitu kilichoshikwa na kani hizo mbili hakitulii, kinazunguka. Kanuni inasema hakuna kani, ilhali macho yanaona mwendo.

Sasa zidisha, katika kila hatua, kani iliyobaki kwa umbali wake. Unapata 9, kisha 9.9, kisha 9.99. Kani inafifia na mahali pake panatoroka, lakini zao lake linatulia na kuikaribia 10, ambayo ndiyo kani moja kati ya zile mbili mara mita moja inayozitenganisha. Kuna kitu hapo ambacho hakipotei. Waandishi wa zamani walikuwa nacho mkononi, lakini kwao kilikuwa hesabu tu. Pierre Varignon, ambaye kitabu chake kikubwa cha mekanika kilitoka Paris mwaka 1725, miaka mitatu baada ya kifo chake, alikuwa ameonyesha kwamba momenti ya kani ya jumla ni sawa na jumla ya momenti za kani zilizoiunda. Momenti, kwa maana ya kani mara umbali wake kutoka nukta fulani, ilikuwa chombo cha kukagulia majibu. Hakuna aliyeifikiria kuwa kitu kinachotenda kazi juu ya gimba, kama kani yenyewe inavyotenda.

Aliyefanya hivyo ni Louis Poinsot. Alizaliwa Paris Januari 1777, akakua katika miaka ya Mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1794 serikali ya mapinduzi ilipoanzisha chuo kipya cha kuandaa wahandisi, kilichobadilishwa jina mwaka uliofuata na kuitwa École Polytechnique, Poinsot alijitokeza kwenye mtihani wa kuingia. Aljebra ilimshinda. Walimpokea hata hivyo, akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa wa chuo hicho. Baadaye alihamia chuo cha uhandisi wa madaraja na barabara, lakini uhandisi haukumshika. Moyo wake ulikuwa kwenye jiometri.

Ninaitaja ile aljebra kwa sababu. Mtaalamu mkuu wa mekanika wa siku zile alikuwa Joseph-Louis Lagrange, ambaye mwaka 1788 alitoa kitabu chake maarufu cha mekanika, na katika dibaji yake akasema kwa fahari kwamba msomaji hatakuta humo mchoro hata mmoja. Kila kitu kilikuwa milinganyo. Mwaka huohuo Gaspard Monge, bingwa wa jiometri na mmoja wa waanzilishi wa École Polytechnique, alitoa kitabu kidogo cha statiki kwa ajili ya vijana wa jeshi la majini. Poinsot alikua kati ya njia hizo mbili, na alichagua kuona. Alitaka kila hatua ya hesabu iwe na sura yake angani: mstari, bapa, mhimili. Nionavyo mimi, mtu aliyeridhika na milinganyo peke yake asingeisumbukia ile kona, kwa kuwa milinganyo ilikuwa ikitoa majibu sahihi hata bila yeye kuielewa. Ilimsumbua aliyetaka kujua kani hizo mbili zinafanya nini hasa.

Mwaka 1803, akiwa na miaka 26, Poinsot alichapisha Éléments de statique, yaani misingi ya statiki. Humo aliacha kuzilazimisha zile kani mbili ziwe kani moja. Alisema kwamba kani mbili zilizo sawa, sambamba na zenye kuelekea pande tofauti ni kitu cha aina yake, ambacho hakiwezi kupunguzwa kikawa kani, wala kuzuiwa na kani moja yoyote. Alikiita jozi. Jozi huzuiwa na jozi nyingine tu. Kipimo chake ni zao la kani moja kwa umbali ulio kati ya zile mbili, na umbali huo ndio mkono wa jozi.

Akishakiweka kitu hicho mezani, hatua inayofuata ni fupi mno. Kani P inatenda kwenye nukta A ya gimba, nasi tunaitaka kwenye nukta B. Pale B tunaongeza kani mbili zilizo sawa na P na sambamba nayo, moja ikielekea upande wa P na nyingine kinyume chake. Hizo mbili zinafutana, kwa hiyo gimba halijaongezewa wala kupunguziwa kitu. Sasa tuna kani tatu, na tunazigawa upya. Ile ya B inayoelekea upande wa P tunaiacha peke yake: hiyo ndiyo P iliyohamishiwa B. Zinazobaki ni P ya awali pale A na ile ya kinyume pale B. Ni sawa, ni sambamba, na zinaelekea pande tofauti. Ni jozi. Basi kani pale A ni sawa na kani ileile pale B pamoja na jozi ambayo mkono wake ni umbali kati ya mistari miwili ya kani hizo.

Hatua yote ni hiyo, na msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini ilisubiri hadi 1803. Nadhani jibu liko kwenye lile jambo la kwanza. Mtu anayeamini kwamba kani mbili za namna ile ni kasoro ya kanuni hawezi kuziacha zibaki kwenye jibu lake. Atazihesabu kama kazi ambayo haijakwisha. Poinsot alikuwa tayari kuzikubali kuwa sehemu halali ya jibu.

Lakini kuzikubali hakukutosha. Ilibidi ajue kanuni za kiumbe hicho kipya, na sehemu kubwa ya ugunduzi wake iko hapo. Alionyesha kwamba jozi, tofauti na kani, haina mahali. Unaweza kuisogeza popote katika bapa lake, ukaigeuza upande, ukaihamishia bapa jingine lililo sambamba, na gimba lisitambue tofauti. Unaweza pia kupunguza kani na kurefusha mkono, mradi zao lao lisibadilike. Kinachobaki cha kutaja ni vitu vitatu tu: ukubwa wa zao, mwelekeo wa bapa, na upande wa mzunguko. Vyote vitatu vinaingia katika mstari mmoja uliosimama wima juu ya bapa, wenye urefu unaolingana na zao. Poinsot aliuita mhimili wa jozi, na akathibitisha kwamba jozi mbili huunganishwa kwa kuichukua mihimili yake na kuchora msambamba, vilevile kama kani zinavyounganishwa.

Fundi wa magari anaijua tofauti hii kwa mikono. Akifungua nati ya gurudumu kwa spana yenye mkono mmoja wa sentimeta 35 na kuusukuma kwa nyutoni 300, nati inapata jozi ya nyutoni-mita 105, lakini inapata pia ile kani ya nyutoni 300 iliyohamia kwenye nati yenyewe, nayo inaikandamiza upande na kutaka kuichomoa spana. Akichukua spana ya msalaba na kusukuma kwa mikono yote miwili, nyutoni 150 huku na 150 kule, mikono ikiwa sentimeta 70 mbali, jozi ni ileile 105. Safari hii hakuna kani ya upande. Nati inazungushwa tu.

Kutoka hapo Poinsot aliweza kushughulikia mzigo wowote. Kama gimba lina kani ishirini zinazolivuta huku na huku, chagua nukta moja, zihamishie zote hapo, moja baada ya nyingine, na kila moja iache jozi yake. Kani ishirini zilizokutana nukta moja zinaungana kuwa kani moja. Jozi ishirini zinaungana kuwa jozi moja. Basi gimba limetulia pale tu kani hiyo moja ni sifuri na jozi hiyo moja nayo ni sifuri. Lagrange na wengine walikuwa wamefika kwenye milinganyo sita ya msawazo kwa njia zao. Kwa Poinsot, mitatu ilikuwa ya kani na mitatu ya jozi, na sababu ya kuwa sita ilionekana kwa macho.

Ukichagua nukta nyingine, kani ya jumla haibadiliki, ila jozi inabadilika. Hapo Poinsot akauliza kama kuna nukta inayoifanya jozi iwe ndogo kuliko kwingine kote. Ipo, na haiko peke yake: nukta hizo zimejipanga kwenye mstari mzima, ambao aliuita mhimili wa kati. Sehemu ya jozi ambayo mhimili wake uko wima na kani inaweza kufutwa kwa kuisogeza kani pembeni kidogo, yaani kwa kuirudia ile hatua ya kuhamisha kinyumenyume. Sehemu inayozunguka kuifuata kani haifutiki kwa kuhamisha popote. Kwa hiyo kila mkusanyiko wa kani, hata uwe na fujo kiasi gani, mwisho wake ni msukumo kwenye mstari mmoja pamoja na msokoto kuuzunguka mstari uleule, kama bisibisi inavyokandamizwa na kuzungushwa kwa pamoja.

Chuo cha madaraja na barabara alichokiacha Poinsot ndicho baadaye Claude-Louis Navier alipofundisha, na masomo yake yaliyochapwa mwaka 1826 yakawa mwongozo wa wahandisi katika kukokotoa jinsi boriti za majengo zinavyopinda na kubanwa. Katika kazi ya namna hiyo, kuhamisha kani ni jambo la kila siku. Nichukue mfano mmoja ambao mhandisi yeyote wa majengo ameukuta, hata leo na hata mjini kwetu: nguzo ya mpakani.

Nguzo imesimama karibu na mpaka wa kiwanja. Msingi wake wa zege ni mraba wa mita 1.5 kwa 1.5, na hauruhusiwi kuingia kwa jirani, kwa hiyo nguzo haikuweza kukaa katikati yake. Imesogea sentimeta 20 kuelekea mpakani. Inashusha kilonyutoni 300, takriban uzito wa tani 30. Udongo chini unabanwa kiasi gani?

Tuihamishe kani katikati ya msingi. Pale katikati tunapata kilonyutoni 300 zinazoshuka, pamoja na jozi ya 300 mara 0.2, yaani kilonyutoni-mita 60, inayotaka kuuinamisha msingi kuelekea mpakani. Sasa kila kimoja kinahesabiwa kivyake. Kani iliyo katikati inaubana udongo sawasawa kote: 300 gawanya kwa mita za mraba 2.25 ni kilonyutoni 133 kwa kila mita ya mraba. Jozi inaongeza mbano upande wa mpakani na kuupunguza upande wa ndani. Tukichukulia kwamba zege ni gumu na mbano unabadilika kwa mstari ulionyooka, jozi inachangia kilonyutoni 107 kwa mita ya mraba kwenye kila ukingo, kuongeza huku na kutoa kule. Ukingo wa mpakani unabeba 240. Ule wa ndani unabeba takriban 27 tu.

Kabla ya kuendelea mtu hukagua, na njia ya kukagua ni kuchukua momenti kuzunguka nukta ya tatu ambayo haikutumika. Tuseme ukingo wa mpakani. Mzigo wenyewe uko mita 0.55 kutoka hapo, na 300 mara 0.55 ni 165. Baada ya kuhamisha, kani iko mita 0.75 kutoka hapo, na 300 mara 0.75 ni 225. Toa 60 za jozi, unabaki na 165. Zimelingana. Anayesahau jozi atapata 225. Anayeigeuza upande atapata 285, na atatangaza kwamba udongo umeelemewa upande wa ndani wakati nguzo iko upande wa mpakani. Kosa la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu karatasi yake ya hesabu inaonekana imekamilika.

Nguzo ikisogea hadi sentimeta 25, ambazo ni sehemu ya sita ya upana wa msingi, mbano wa ukingo wa ndani unafika sifuri. Ikipita hapo, hesabu inadai udongo uuvute msingi chini, na udongo hauwezi kuvuta. Ikiwa sentimeta 30, msingi unainuka kwa upana wa sentimeta 15 upande wa ndani, na ukingo wa mpakani unafika karibu 296. Katika jengo lililokwisha simama, hali hiyo huanza kuonekana kwa nguzo kuinamia mpakani na kuta zilizoshikana nayo kuanza kupasuka.

Dawa yake inafuata kanuni ya Poinsot neno kwa neno: jozi huzuiwa na jozi tu. Kuongeza uzito katikati ya msingi hakuiondoi jozi. Wahandisi hufunga msingi wa mpakani kwa boriti nene ya zege hadi kwenye nguzo ya ndani. Kama nguzo hiyo iko mita 4 kutoka katikati ya msingi wetu, boriti inaiinua kwa kilonyutoni 15 na kuukandamiza msingi wa mpakani kwa kilonyutoni 15. Hizo ni kani mbili sawa na za kinyume, mita 4 kati yake: jozi ya 60, upande wa pili. Msingi sasa unabeba 315 badala ya 300, lakini unazibeba sawasawa, kilonyutoni 140 kwa kila mita ya mraba kutoka ukingo hadi ukingo.

Hapa pana mpaka ambao lazima usemwe waziwazi. Tulipoongeza kani mbili zinazofutana pale B, tulisema gimba halijabadilishiwa kitu. Hilo ni kweli kwa gimba lisilopinda, na kwa maswali yanayohusu gimba zima: litatulia, litakwenda, litazunguka, litakiegemea vipi kilicho nje yake. Halihusu yanayotokea ndani. Udongo ulio chini ya msingi hauwezi kutofautisha nguzo iliyosogea sentimeta 20 na nguzo ya katikati yenye jozi. Nondo zilizo ndani ya zege zinatofautisha. Anayepanga nondo hizo kwa kuiweka nguzo katikati na jozi juu yake atazilaza mahali ambapo zege halipindi sana, na kuziacha chache pale ambapo nguzo hasa inakandamiza. Kwa hiyo mhandisi huhamisha kani kuujua mbano wa udongo, kisha huirudisha mahali pake halisi kabla ya kuchora nondo.

Poinsot mwenyewe hakuacha kuichimba hatua ile. Mwaka 1804 alianza kufundisha hisabati katika shule ya Lycée Bonaparte jijini Paris, na mwaka 1809 akawa profesa msaidizi wa École Polytechnique. Lagrange alipofariki mwaka 1813, kiti chake katika Akademia ya Sayansi alipewa Poinsot, yule mwenye michoro akikikalia kiti cha aliyejivunia kutokuwa na mchoro. Mwaka 1834 alitoa nadharia yake mpya ya mzunguko wa magimba, ambamo alionyesha kwamba mizunguko inafuata kanuni zilezile za kani, kwa kubadilishana nafasi. Mizunguko miwili yenye kasi sawa, ya kinyume, kwenye mihimili sambamba haizungushi kitu: inakisogeza moja kwa moja, bila kukigeuza. Ni jozi nyingine, na kazi yake ni mwendo ulionyooka.

Kwa hiyo hata mzunguko unaweza kuhamishwa. Gurudumu la baiskeli linaloviringika barabarani, wakati wowote unapolitazama, linazunguka kwenye ile nukta inayogusa lami, ambayo kwa wakati huo imesimama tuli. Uhamishie mzunguko huo kwenye ekseli, na lazima uongeze mwendo ulionyooka, sawa na kasi ya mzunguko mara umbali wa kutoka lami hadi ekseli. Kama gurudumu lina nusu kipenyo cha mita 0.3 na linazunguka kwa radiani 10 kila sekunde, mwendo huo ni mita 3 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya mwendeshaji barabarani.

Poinsot alifariki Desemba 1859. Mwaka 1876, jijini Dublin, Robert Ball alichapisha kitabu kizima kilichochukua mhimili wa kati wa kani na mhimili kama huo wa mwendo, akavifanya parafujo mbili na kuuliza ni lini msokoto kwenye moja haufanyi kazi yoyote kwenye nyingine. Hesabu zake zinatumika leo na wanaounda mikono ya roboti viwandani, ambapo kani iliyo kwenye ncha ya mkono huhamishiwa kwenye kiungo kimoja baada ya kingine hadi begani, na kila kiungo hupewa jozi yake.